Kuchaji betri za sola kwa jenereta wakati wa masika: mwongozo kamili wa kuunganisha na kupanga inveta

Masika ya Pemba hayazihurumii paneli. Kati ya Machi na Mei hupita siku tatu au nne wingu limetanda tangu alfajiri mpaka magharibi, na paneli ambazo Januari zilikuwa zikijaza betri kabla ya adhuhuri zinatoa sehemu ya tano ya kawaida yake, pengine chini ya hapo. Ndipo jenereta linapotolewa stoo. Nimefunga mitambo ya namna hii hapa kisiwani kwa miaka kadhaa, na mara nyingi ninapoitwa kwa sababu "jenereta halichaji", nakuta jenereta ni zima na inveta ni nzima. Kilichokosekana ni kuipanga inveta ijue kwamba umeme unaoingia unatoka kwenye injini ndogo, si kwenye nguzo ya ZECO.

Nitaeleza kazi yote kwa nyumba moja, ya shemeji yangu Konde, iliyo shambani mbali na nguzo. Ana inveta ya kilowati 5 ya volti 48, ile aina yenye skrini ndogo na vitufe vinne ambayo mipangilio yake inakwenda kwa namba. Ana betri moja ya lithiamu ya Ah 100, ambayo inahifadhi kama kilowati-saa 5. Juu ya bati kuna paneli sita za wati 400. Jenereta lake ni la petroli, limeandikwa 3 kVA ubavuni. Nyumba inatumia takriban kilowati-saa 4 kwa siku: friji, feni, televisheni, taa, na pampu ya kisima.

Siku ya jua hana shida yoyote. Siku ya wingu zito paneli zinampa kilowati-saa moja na nusu au mbili, kwa hiyo kila siku anapungukiwa na mbili hivi. Pengo hilo ndilo jenereta linalotakiwa kuliziba.

Kwanza jua jenereta lako lina nguvu gani hasa

Namba kubwa iliyochorwa kwenye tangi si ya kufanyia hesabu. Tafuta kibati kidogo karibu na soketi. Kwenye jenereta la shemeji kibati kinasema kilowati 2.8 ni ukomo, na kilowati 2.5 ndiyo kazi ya kawaida. Ukomo ni wa dakika chache, kama vile kuwasha mota. Kuchaji betri si jambo la dakika chache. Ni saa mbili mfululizo bila kupumua, injini ikiwa kwenye joto letu na hewa yenye unyevu. Mimi sipakii zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kawaida. Kwake hiyo ni kilowati 2, yaani wati 2,000.

Sasa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Inveta inapopokea umeme wa jenereta, inaacha kuilisha nyumba kutoka kwenye betri. Inafungua njia, na umeme wa jenereta unapita moja kwa moja kwenda ndani, na pembeni inachota sehemu ya kuchajia. Maana yake jenereta linabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Tena, inveta ile ya kilowati 5 iliyokuwa ikimeza mshtuko wa pampu bila tabu sasa haimezi kitu, na mshtuko wote unafika kwenye injini. Pampu ya kilowati 0.75 huvuta mara kadhaa ya hapo katika nukta ya kuondoka. Kwa hiyo wakati wa kuchaji pampu haiguswi, pasi haiguswi, birika la umeme haliguswi. Nyumbani kwa shemeji tuliandika kwa kalamu nene ubaoni karibu na swichi ya pampu, na mkewe ndiye msimamizi wa sharti hilo.

Bila vitu hivyo nyumba yake inavuta kama wati 300. Zinabaki 1,700 za kuchajia. Kuzigeuza kuwa ampea za betri, hesabu ni hii:

```
A = (P jenereta − P nyumba) × 0.9 ÷ 53
A = (2000 − 300) × 0.9 ÷ 53 = 28.9
```

Ile 0.9 ni kwa sababu chaja hupoteza kama asilimia 10 njiani ikiwa joto, na 53 ni volti ambayo betri ya namna hii hukaa karibu nayo wakati inachajiwa. Jibu ni ampea 29, nasi tunakwenda na 30 kama ukomo, baada ya kuanza na 20 kwanza. Betri yenyewe ya Ah 100 kwa kawaida inakubali mpaka 50, lakini hilo litazame kwenye karatasi yake. Katika kazi hii mdogo wao ndiye anayeamua, na mdogo hapa ni jenereta.

Nililijifunza hili kwa gharama. Miaka ya mwanzo niliunganisha jenereta kama hili kwenye inveta ambayo ilikuwa imewekwa ampea 60 kwa ajili ya umeme wa nguzo, na sikutazama. Ampea 60 ni kiasi cha kilowati 3.5 upande wa jenereta. Liliguna, likashuka, likapanda, likaguna tena. Nikadhani petroli ni chafu. Ndani ya juma moja AVR, kile kidude kinachosawazisha volti, kikaungua, na nikamnunulia mwenye nyumba kingine kwa fedha yangu, maana kosa lilikuwa langu.

Kwa hesabu hiyohiyo utaona kwa nini yale majenereta madogo ya 950 hayafai. Yana wati 600 na kitu. Ukiondoa mzigo wa nyumba hakubaki cha kuchajia, na volti yake inayumba mno.

Pa kuliweka

Jenereta linahitajika mvua inaponyesha, na mvua inaponyesha ndipo mtu anaposhawishika kulivuta barazani au ukumbini. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na inaua watu waliolala bila kuwaamsha. Dirisha lililo wazi halitoshi. Lijengee kibanda chake kabla ya masika: nguzo nne, bati juu, pande wazi, sakafu iliyoinuliwa ili maji yasituame, na kiwe mita 6 au zaidi kutoka mlango na madirisha. Masika upepo mara nyingi ni wa kusi, unatoka kusini, kwa hiyo kibanda kikae kaskazini mwa nyumba na ekzozi itazame nje, ili upepo uupeleke moshi mbali na nyumba. Mafuta yakae mahali pengine kabisa, na tangi lisijazwe injini ikiwa ya moto.

Waya, breka na chenjiova

Kwa mita 20 kutoka kibandani hadi kwenye inveta, waya wa milimita 2.5 wenye nyuzi tatu unatosha. Ukivuka mita 30, nenda na 4. Usitumie ile waya ya kuongezea iliyozungushwa kwenye gurudumu; ikiwa imejikunja na kubeba ampea 9 kwa saa mbili, inapata joto katikati ya bunda mpaka ganda linayeyuka. Upande wa kibandani weka breka ya ampea 16 ndani ya kiboksi kisichoingia maji. Breka hii ndiyo utakayoitumia kila siku kuwasha na kuzima mzigo, kwa hiyo iwe mahali mkono unapofika.

Waya unaingia kwenye inveta mahali palipoandikwa `AC INPUT`: laivu kwenye L, nyutro kwenye N, erthi kwenye alama yake. Usiuingize kwenye `AC OUTPUT` hata siku moja, wala usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ukitegemea umeme urudi nyuma. Umeme wa nje ukikutana na ule ambao inveta inautengeneza yenyewe, inveta inaungua pale pale. Zima kila kitu kabla ya kufungua kifuniko: jenereta, breka ya paneli, breka ya betri, kisha subiri dakika chache, kwani ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme.

Shemeji hana ZECO, kwa hiyo waya wa jenereta unakwenda moja kwa moja. Wewe mwenye nguzo na inveta yenye mlango mmoja wa kuingilia, lazima uweke chenjiova ya mkono kabla ya inveta: I ni ZECO, 0 ni kimya, II ni jenereta. Iwe ya kukata nyaya mbili, laivu na nyutro pamoja, na iwe ya ampea 40 au zaidi, kwa kuwa upande wa ZECO nyumba nzima pamoja na chaji inapita hapo. Breka mbili za kawaida na ahadi ya kukumbuka hazitoshi. Siku utakayosahau, umeme wako utapanda nguzoni, na fundi aliye juu ya nguzo hajui kama laini iliyozimwa ina umeme.

Nyutro inayoelea

Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka, nami naomba usiruke. Jenereta nyingi za kubeba hazina muunganiko wa nyutro na erthi ndani yake. Liwashe bila mzigo, chukua mita, pima laivu na nyutro: utapata kama 230. Kisha pima laivu na erthi, halafu nyutro na erthi. Ikiwa zote mbili zinasoma namba ya katikati, mara nyingi karibu na 115, nyutro inaelea. Ikiwa laivu na erthi ni 230 na nyutro na erthi ni sifuri, imeunganishwa tayari na hapo usiongeze kitu.

Hatari ya nyutro inayoelea ni kwamba breka ya kuvuja umeme, ile RCD, haiwezi kukulinda. Friji ikivujisha umeme kwenye bodi lake, umeme hauna njia ya kurudi kwenye jenereta kupitia ardhini, kwa hiyo RCD haioni tofauti na haikati. Usidanganyike na kile kitufe cha T: kinajaribu RCD kwa njia ya ndani yake, na kitakata hata kama nyutro inaelea. Kitufe kinathibitisha kwamba breka ni nzima tu.

Dawa ni kipande cha waya wa milimita 4 kinachounganisha nyutro na erthi kwenye kile kiboksi cha kibandani, kabla ya breka, pamoja na nondo ya erthi ya shaba iliyopigwa ardhini. Kiunganishi hiki kikae upande wa jenereta wa chenjiova, kisiwe ndani ya nyumba, ili ukirudi kwenye ZECO kisiwepo tena. Ukiwa upande wa maweni, nondo haitashuka kwenye jiwe; itafutie mahali penye udongo na unyevu, kwa mfano karibu na maji ya bafuni yanapomwagika, na uvute waya mpaka hapo. Kama jenereta lako lina soketi za volti mbili tofauti, au mwongozo wake unakataza, usiliunganishe bila fundi umeme mwenye leseni kulitazama, maana koili za namna hiyo zinaweza kuwa na erthi katikati.

Mipangilio

Kwenye inveta hizi unashikilia `ENTER` kwa nukta tatu, unapanda na kushuka kwa `UP` na `DOWN`, unathibitisha kwa `ENTER` na kutoka kwa `ESC`. Hii ndiyo orodha ya nyumba ya shemeji:

```
01  USB   (jenereta likiwaka)
01  SBU   (jenereta likizimwa)
03  APL
11  20A, kisha 30A
16  SNU
```

Namba hizi ni za familia ya inveta ambayo namba 16 ni chanzo cha chaji. Kwenye nyingine zinazofanana kabisa kwa sura, chanzo cha chaji ni 14, kwa hiyo fuata jina la kazi kwenye kitabu chake, usifuate namba kwa kukariri. Zipo pia zinazoandika `UTI` badala ya `USB`.

Namba 03 inahusu volti ambayo inveta inakubali kuipokea. Ikiwa `UPS` inakataa chini ya 170. Ikiwa `APL` inapokea kuanzia 90 hadi 280. Jenereta hucheza friji inapoondoka, na ukiiacha kwenye `UPS` inveta itakuwa nyepesi zaidi kulikataa. Namba 11 ndiyo ile hesabu ya ampea tuliyofanya. Usiichanganye na 02, ambayo ni jumla ya chaji yote pamoja na ya paneli. Ukiipunguza 02 badala ya 11, umeziminya paneli zako hata jua litakaporudi.

Namba 16 ndiyo iliyoniletea simu nyingi kuliko zote. Ina machaguo matatu. `OSO` maana yake betri ichajiwe na sola pekee, na ukiiacha hapo jenereta litalisha nyumba mpaka tangi likauke, betri isipande hata asilimia moja. Hilo watu hulitambua upesi. Mtego ni `CSO`, "sola kwanza", ambayo inasikika kama chaguo la busara. Katika `CSO` chaji ya nje inakubaliwa tu pale sola isipokuwepo. Sasa tazama saa tisa alasiri ya masika: mawingu ni mazito lakini ni mchana, paneli zinatoa wati 80. Kwa inveta, wati 80 ni sola ipo. Inakataa kuchaji kwa jenereta, na betri inaendelea kuambulia zile 80. Mwenye nyumba anaapa kwamba usiku jenereta linachaji na mchana halichaji, nao ni ukweli mtupu. Weka `SNU`, na vyote viwili vitachaji kwa pamoja.

Namba 01 nayo ina kisa chake. Kwa matumizi ya kila siku iko `SBU`: sola, kisha betri, na umeme wa nje mwisho kabisa. Ukiwasha jenereta betri ikiwa bado juu ya kile kiwango cha volti ulichoweka namba 12, inveta inasema betri ipo, sihitaji chochote kutoka nje. Alama ya umeme wa nje itatokea kwenye skrini, jenereta litanguruma bila mzigo, na hakuna kinachoingia. Njia rahisi ni kubadilisha 01 iwe `USB`, yaani umeme wa nje kwanza, kila unapowasha jenereta, na kuirudisha `SBU` kabla ya kulizima. Unaweza kuziachia 12, na 13 ambayo ni volti ya kurudi kwenye betri, zifanye kazi hiyo zenyewe, lakini betri ya lithiamu volti yake haishuki sana kati ya asilimia 80 na 30, na kuilenga kwa volti ni kubahatisha. Mimi namwambia mwenye nyumba asome asilimia kwenye betri yenyewe, kisha atumie mkono.

Kuwasha mara ya kwanza

Breka ya kibandani iwe chini. Washa injini, iache dakika tatu ipate moto. Pima volti: kati ya 225 na 240 bila mzigo ni vizuri. Kisha pandisha breka na usimame mbele ya inveta. Skrini inaweza kukuonyesha volti na hezi zinazoingia ukibonyeza `DOWN` mara chache. Bila mzigo hezi zikae kama 52, kwa sababu injini hizi hupungua mwendo zikipakiwa, na unataka zitue karibu na 50. Zikianza na 50 bila mzigo, zitashuka mpaka 48 au 47 na inveta inaweza kukataa. Hapo fundi wa injini akaze gavana kidogo.

Inveta haipokei papo hapo. Inalichunguza jenereta nukta kadhaa, halafu utasikia rilei ikigonga *tak*, na sauti ya injini inashuka kama mtu aliyetwishwa gunia la karafuu ghafla, kisha inajikaza na kutulia. Siku ile Konde tulianza na ampea 20. Volti zilikuwa 234, zikashuka 227, hezi 50.6. Tukakaa robo saa tukisikiliza. Nikapandisha 30. Volti 221, hezi 49.8, na sauti ikawa nzito lakini moja, bila kuyumba. Shemeji alitaka tujaribu 40.

"Shemeji, si bado linavuta?" akaniuliza.

Nikaiweka ili asikie mwenyewe. Injini ikaanza kuhema, ikishuka na kupanda, na taa ya barazani ikawa inapumua pamoja nayo. Hakuniuliza tena. Tukarudi 30, na baada ya nusu saa nikagusa plagi, waya na breka kwa mgongo wa mkono: vuguvugu tu. Sehemu inayochoma mkono ni skrubu iliyolegea, na hiyo inakazwa siku hiyohiyo, umeme ukiwa umezimwa.

Kuzima ni kinyume chake: rudisha `SBU`, shusha breka, iache injini dakika mbili tatu bila mzigo ipoe, kisha zima na ufunge koki ya mafuta.

Ikikataa, soma dalili

Dalili ya kwanza ni tak, tak, tak. Inveta inapokea, injini inazama, inveta inakataa, injini inaruka juu kwa kukosa mzigo, inveta inaona volti nzuri na kupokea tena. Likiachwa hivyo kwa saa nzima, AVR na rilei vyote vinateseka. Shusha breka mara moja. Punguza namba 11 mpaka ampea 10 na ujaribu tena. Ikitulia, tatizo lilikuwa mzigo. Ikiendelea hata kwa 10, tazama hezi, kisha plagi ya injini na kichujio cha hewa, maana injini iliyoziba haiwezi kubeba hata nusu ya kazi yake. Jenereta za kwetu huoza kabureta kwa petroli ya mwaka jana na chumvi ya bahari. Iliyokaa tangi zima tangu vuli imwage kabla ya kulaumu umeme.

Dalili ya pili ni alama ya umeme wa nje inayowakawaka bila rilei kugonga kabisa. Hapo inveta inaona umeme lakini haiupendi: hezi ziko nje ya mpaka au 03 bado iko `UPS`.

Dalili ya tatu ni ukimya: kila kitu kimewaka, nyumba ina umeme, betri haipandi. Hiyo ni namba 16. Na kama hata nyumba bado inakula betri huku jenereta likiwa linanguruma kwa wepesi, hiyo ni namba 01.

Lini uwashe, na uchaji mpaka wapi

Usisubiri betri izime saa nane usiku. Shemeji anaitazama alasiri, karibu saa kumi, kwa sababu saa hiyo anajua paneli zimeleta nini kutwa nzima. Ikiwa chini ya asilimia 40 na mawingu hayajapasuka, anawasha, majirani wakiwa bado macho. Akianza na asilimia 20 na kuishia 80, anarudisha Ah 60. Kwa ampea 30 ni saa mbili. Jenereta lake linakunywa kama lita 1.3 kwa saa katika mzigo huo, kwa hiyo lita mbili na nusu hivi kwa kilowati-saa 3 na kidogo zilizoingia kwenye betri. Katika siku tatu za mawingu mazito anawasha mara mbili.

Zamani alikuwa akiliwasha kuanzia magharibi mpaka saa tano usiku kwa taa, feni na televisheni, na betri akiiacha ilivyo. Injini isiyo na mzigo mkubwa bado hunywa nusu lita na zaidi kwa saa, kwa hiyo mafuta yalikwenda karibu sawa, na umeme alioupata haukufika nusu ya huu wa sasa. Saa mbili za kazi nzito zina faida kuliko saa tano za kazi nyepesi.

Anaishia 80 kwa sababu mbili. Kesho jua likichomoza hata kwa saa moja, litapata nafasi kwenye betri. Na ukikaribia 100 betri inaanza kukataa ampea, injini inabaki inazunguka kwa mzigo mdogo. Mwenye betri za maji au jeli, jambo hili kwake ni kubwa zaidi: asilimia 20 za mwisho zinachukua saa nyingi kwa ampea chache. Aliachie jua sehemu hiyo, ila zisikae majuma bila kujaa kabisa, kwani risasi ya ndani ya betri hizo ikibaki na chaji pungufu inajifunika salfeti na haitarudi kuwa ilivyokuwa. Mawingu yakizidi siku kumi, zijaze mara moja kwa jenereta mpaka mwisho hata kama mafuta yanauma.

Wenye dizeli, na wenye mlango wa GEN

Dizeli inakunywa kidogo kwa kazi ileile na inavumilia saa nyingi, lakini inachukia wepesi. Ikizungushwa kwa chini ya theluthi ya nguvu yake, mafuta hayaungui yote, ekzozi inatoa weusi wenye utelezi, na ringi zinashika masizi. Jenereta la dizeli la 5 kVA kwenye betri moja ya Ah 100 nalipa ampea 50, kama betri inaruhusu, ili libebe kilowati 3 na kitu pamoja na nyumba. Hapo linatembea vizuri. Ukiliwekea 10 kwa huruma, unaliua polepole.

Inveta nyingine zina mlango wake wa jenereta, umeandikwa `GEN`, kando na `GRID`. Hizo ni raha, kwa kuwa ZECO na jenereta havikutani tena, na ampea za jenereta zina ukurasa wake: unawasha `Gen Charge` na kuandika ampea pembeni yake, ukitumia hesabu ileile. Jihadhari na jambo moja. Inveta za aina hii nyingi zina uwezo wa kurudisha umeme kwenye nguzo. Ukilichomeka jenereta kwenye `GRID` bila kuchagua `GEN connect to Grid input`, inveta inaweza kulisukumia umeme wa sola siku jua likichomoza, na jenereta halina pa kuupeleka. Volti zinapanda na AVR inakwenda. Mlango wa `GEN` upo, utumie huo.

Jua likirudi, Juni, funga koki na uiache injini imalize petroli iliyobaki kwenye kabureta mpaka ijizime. Kisha mara moja kwa mwezi iwashe robo saa ikiwa na mzigo wa kweli, ampea 20 kwenye betri, na usikilize kama sauti yake bado ni moja.